Sindano ya Malaria Kali kwa Mtoto: Uzito, Mililita na Siku ya Kuhamia Vidonge

Maswali ninayoletewa kuhusu artesuneti ni yale yale, na wanaouliza zaidi ni wauguzi na matabibu wa vituo vya afya walio zamu ya usiku peke yao. Nipige mililita ngapi? Kwa nini mtoto wa kilo 19 apate dawa nyingi kuliko wa kilo 20? Amezinduka na anakula, je, sindano ya tatu ya nini? Wazazi nao wana lao: tumepigwa sindano tatu, hivi vidonge ni vya ugonjwa gani tena?

Nitayajibu kwa kumfuata mtoto mmoja tangu anapoingia mlangoni. Wewe mzazi unayesoma, usiruke sehemu za vipimo. Hutachanganya dawa, lakini ukijua ratiba utaweza kuuliza pale inapokatika.

Kwanza: ni kali kweli?

Artesuneti ya sindano ni ya malaria kali, au ya mtoto asiyeweza kabisa kumeza na kubaki na dawa. Homa kubwa peke yake haitoshi. Mtoto mwenye kipimo chanya anayekaa, anayenyonya na kulia kwa nguvu anahitaji dawa mseto ya kumeza. Tatizo ni kwamba watu wetu wanaiamini sindano kuliko kidonge, na mhudumu anabembelezwa mpaka anakubali.

Mpe sindano ukiona hata moja kati ya hizi, pamoja na kipimo cha malaria kilicho chanya:

- hajitambui, au amelegea hadi hawezi kukaa, kunyonya wala kunywa;
- amepata degedege zaidi ya mara moja ndani ya siku moja;
- anapumua kwa nguvu na kwa kina, kifua kikivutika;
- viganja vyeupe, himoglobini chini ya gramu 5;
- macho ya manjano pamoja na dalili nyingine ya hatari, mkojo mweusi kama kokakola, au mikono na miguu ya baridi;
- sukari ya damu imeshuka.

Huko pwani na kwingineko bado wapo wanaoamini degedege haichomwi sindano, kwamba ukimchoma mtoto atakufa. Bibi akikuambia hivyo usimgombeze. Mwambie kuwa degedege hii inatokana na malaria iliyofika kwenye ubongo, na kwamba kinachoua ni kuchelewa. Kisha endelea na kazi, dakika zinakwenda.

Mtoto wetu

Tuchukue mtoto wa miaka mitatu, ameletwa na bibi yake Jumatatu, saa 4 kasoro usiku. Alikuwa na homa tangu Jumamosi, mchana huu ameshikwa na degedege mara mbili, sasa ukimwita hafumbui macho. Kipimo cha haraka ni chanya. Huu ndio mfano tutakaokwenda nao hadi mwisho.

Kabla ya artesuneti, pima sukari. Ikiwa chini ya 3 kwa mashine ya milimoli, au kama huna mashine na mtoto hajitambui, mpe deksitrozi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo, polepole kwenye mshipa. Artesuneti haishushi sukari kama ilivyokuwa kwinini, lakini malaria yenyewe inaishusha. Mtoto anaweza kubaki amezimia huku ukidhani dawa imeshindwa, kumbe ni sukari.

Uzito: mpime, usikisie

Kosa la kwanza hutokea kwenye mizani. Bibi anasema kilo 15. Kadi ya kliniki inasema 11, lakini ni ya mwaka jana. Usichukue lolote kati ya hayo.

Mtoto aliyezimia hawezi kusimama kwenye mizani, na hilo si tatizo. Mwambie bibi ambebe, wapime wote wawili. Kisha mchukue mtoto na umpime bibi peke yake. Ukitoa, unabaki na uzito wa mtoto. Wa kwetu: wote wawili kilo 71, bibi peke yake 58. Mtoto ana kilo 13. Andika namba hiyo kwa kalamu nene juu ya chati yake, maana itatumika tena kwenye vidonge.

Miligramu ngapi?

Kanuni ni mbili tu:

- chini ya kilo 20: miligramu 3 kwa kila kilo, kwa kila dozi;
- kilo 20 na kuendelea, wakubwa wakiwemo: miligramu 2.4 kwa kila kilo, kwa kila dozi.

Mtoto wetu: 13 mara 3 ni miligramu 39.

Waliosoma zamani kidogo watapinga hapa: sisi tulifundishwa 2.4 kwa wote. Ni kweli. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa katika nchi 9 za Afrika zikiwemo hospitali za Muheza na Korogwe mkoani Tanga na Kilifi kule Kenya, ulitumia 2.4. Kati ya watoto 5,425, waliopewa artesuneti walifariki asilimia 8.5, na waliopewa kwinini asilimia 10.9. Ndipo kwinini ikaondolewa kwenye nafasi ya kwanza. Baadaye ikaonekana kwamba miili ya watoto wadogo hubaki na dawa kidogo katika damu kuliko ya wakubwa hata ukiwapa kipimo kile kile kwa kilo, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likapandisha dozi ya walio chini ya kilo 20 hadi 3. Kama chati iliyobandikwa ukutani kwako bado ina 2.4 kwa kila mtu, ni ya zamani. Ibandue.

Ndiyo maana wa kilo 19 anapata miligramu 57 na wa kilo 20 anapata 48. Inashangaza kwenye karatasi, lakini haina madhara: mpaka ulilazimika kuwekwa mahali fulani. Usijaribu kusawazisha kwa kumpunguzia wa 19.

Kuchanganya: hapa ndipo mikono hukosea

Boksi lililozoeleka kwetu lina kichupa cha unga cha miligramu 60, kichupa kidogo cha sodiamu baikaboneti, na cha maji ya chumvi. Fuata hatua hizi bila kuzigeuza:

1. Soma kichupa. Vipo vya 30, 60 na 120, na vipo vya toleo jipya vyenye kimiminika kimoja tu. Hesabu ninazotoa hapa ni za kichupa cha 60 chenye vimiminika viwili. Kama chako ni tofauti, shika karatasi iliyomo ndani ya boksi.
2. Ingiza mililita 1 ya baikaboneti kwenye unga. Tikisa mpaka maji yawe angavu kabisa, kama dakika moja hivi. Yakibaki na ukungu au vipande, tupa, fungua kingine.
3. Toa hewa iliyomo kwenye kichupa kwa sindano, kwa kuwa baikaboneti huzalisha gesi.
4. Ongeza maji ya chumvi. Kwa mshipa, mililita 5. Kwa msuli, mililita 2.
5. Tumia ndani ya saa moja. Kilichobaki mwage, usikiweke kwenye friji kwa ajili ya dozi ya saa 12 zijazo.

Kwa nini baikaboneti, na si maji ya sindano moja kwa moja? Kwa sababu unga huo ni tindikali isiyopenda kuyeyuka majini. Baikaboneti ndiyo inayoufanya uyeyuke. Na usiuingize kwenye dripu ya polepole: dawa hii huharibika ikikaa majini muda mrefu.

Sasa angalia jambo lenyewe. Kwa mshipa umepata mililita 6 zenye miligramu 10 kila moja. Kwa msuli umepata mililita 3 zenye miligramu 20 kila moja. Kichupa ni kile kile, dawa ni ile ile, ila ya msuli ina nguvu maradufu katika kila mililita.

Mtoto wetu wa miligramu 39:

- kwa mshipa: 39 gawa kwa 10, mililita 3.9, mpe 4;
- kwa msuli: 39 gawa kwa 20, mililita 1.95, mpe 2.

Ukichanganya ya msuli halafu, kwa mazoea ya mshipa, ukavuta mililita zote 3 zilizomo, umempa mara moja na nusu ya dozi. Ukifanya kinyume chake, umempa nusu, na hili la nusu ndilo baya zaidi kwa sababu halionekani: hakuna atakayegundua, mtoto atachelewa tu kuzinduka. Dawa yangu ya kosa hili ni rahisi. Kabla hujavuta, andika kwenye plasta MSHIPA 10 au MSULI 20, uibandike kwenye kichupa.

Kwa wengine, hesabu inakwenda hivi:

- kilo 6: miligramu 18; mshipa 2, msuli 1;
- kilo 10: miligramu 30, mshipa 3, msuli 1.5;
- kilo 16: miligramu 48, mshipa 5, msuli 2.5;
- kilo 19: miligramu 57; mshipa 6, msuli 3;
- kilo 24: miligramu 58 kwa kanuni ya 2.4, mshipa 6, msuli 3.

Baadhi ya chati hupandisha hadi mililita kamili hata kwenye msuli. Kupanda kidogo hakuna shida, kushuka ndiko kusikofaa. Na kuanzia kama kilo 26 kichupa kimoja hakitoshi. Usimpe mtoto wa kilo 28 kichupa kimoja eti "kinakaribia". Fungua cha pili.

Mshipa au msuli?

Mshipa ni bora, lakini usipoteze robo saa ukimtoboa mtoto aliyelegea kutafuta mshipa usiopatikana. Msuli unafanya kazi.

- Mshipa: sukuma polepole, mililita 3 hadi 4 kwa dakika. Za mtoto wetu ziishe kwa dakika moja hivi, kisha suuza kanula.
- Msuli: paja, upande wa mbele. Si tako. Zikizidi mililita 2 kwa mtoto mdogo, gawanya mapaja mawili.

Hakuna dozi kubwa ya kuanzia kama ile ya kwinini, na usimwongezee kwinini juu yake ili "kusaidia". Figo au ini likiwa na shida, dozi haibadiliki.

Kama kituo chako hakilazi wagonjwa, mpe dozi ya kwanza, andika uzito, miligramu na saa kwenye fomu ya rufaa, na asafiri. Fomu isiyo na saa inamlazimu mwenzako kubahatisha, naye ataanza upya.

Ratiba: saa 0, saa 12, saa 24

Mtoto wetu alipigwa ya kwanza Jumatatu saa 4 usiku. Basi:

- ya pili, Jumanne saa 4 asubuhi;
- ya tatu, Jumanne saa 4 usiku;
- kama bado hawezi kumeza, ya nne Jumatano saa 4 usiku, na kuanzia hapo moja kila siku.

Inayorukwa mara nyingi ni ya pili, na sababu yake ni mabadiliko ya zamu. Wa usiku ameondoka, wa asubuhi anasubiri daktari apite wodini, daktari anafika saa 7 mchana. Andika saa zote tatu kwenye chati pale pale unapotoa ya kwanza, ili anayeingia akute deni limeandikwa. Na dozi ikichelewa, itoe mara tu unapogundua. Usingoje "saa yake" ya kesho.

"Lakini amezinduka, anaomba uji"

Jumanne saa 10 jioni mtoto wetu amekaa kitandani, amekunywa uji nusu kikombe, anamtafuta bibi yake. Umebaki na sindano ya saa 4 usiku. Je, umwache aende na vidonge?

Hapana. Dozi tatu ndizo za chini kabisa, hata akiwa mzima kiasi gani. Artesuneti huua vimelea haraka sana, na kuzinduka mapema ndiyo kazi yake, lakini vimelea wapo bado. Bibi atalalamika kwamba mtoto ameshachoka kutobolewa, na ana haki ya kulalamika. Mpe ya tatu hata hivyo.

Upande wa pili upo pia: mtoto ambaye baada ya dozi tatu anakula na kucheza, lakini anaendelea kuchomwa siku ya nne na ya tano kwa sababu tu ana joto kidogo au sindano zipo. Joto peke yake si sababu ya kuendelea na sindano. Tafuta kama kuna jingine: nimonia, sikio, mkojo.

Ahamie vidonge pale mambo haya matatu yanapotimia:

- amepata dozi tatu au zaidi;
- anajitambua vizuri;
- anakunywa na kula bila kutapika.

Na kama baada ya siku mbili hajazinduka, usiendelee kuhesabu sindano tu. Huyo anahitaji hospitali kubwa, hata kipimo cha maji ya uti wa mgongo, kwa sababu malaria na homa ya uti wa mgongo hufanana na huweza kuja pamoja.

Vidonge: dozi nzima ya siku tatu

Ningekuwa na nafasi ya kubandika tangazo moja tu kwenye kila wodi ya watoto, lingekuwa hili: sindano bila vidonge ni tiba nusu. Artesuneti hutoka mwilini ndani ya saa chache. Vimelea wachache waliosalimika hubaki kimya, na baada ya wiki mbili au tatu mtoto anarudi na homa. Dawa mseto ina mwenza anayekaa mwilini siku nyingi, na huyo ndiye anayemaliza mabaki.

Kwa hiyo si "vidonge vya kumalizia". Ni dozi kamili ya ALu, siku tatu, mara sita, bila kutoa zile sindano kwenye hesabu. Anza saa 8 hadi 12 baada ya sindano ya mwisho.

Idadi kwa kila mara, kwa kidonge cha miligramu 20 na 120:

- kilo 5 hadi chini ya 15: kidonge 1;
- kilo 15 hadi chini ya 25: vidonge 2;
- kilo 25 hadi chini ya 35: vidonge 3;
- kilo 35 na zaidi: vidonge 4.

Mtoto wetu, kilo 13, kidonge kimoja kila mara:

- Jumatano saa 2 asubuhi, kisha baada ya saa 8, yaani saa 10 jioni;
- Alhamisi saa 2 asubuhi na saa 2 usiku;
- Ijumaa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku.

Vidonge sita, basi. Kile cha pili ndicho kinachosumbua, kwa kuwa watu wamezoea asubuhi na jioni na wanakisogeza hadi usiku. Kidonge cha kwanza apewe wodini mbele yako, na ikiwezekana cha pili pia.

Bibi ampe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo: maziwa, maziwa ya mama, uji wenye karanga, ugali na mboga ya nazi. Dawa mwenza haifyonzwi vizuri tumbo likiwa tupu. Kidonge kisagwe kwenye kijiko chenye maji. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi nzima. Akitapika tena, mrudishe kituoni. Mwambie bibi hilo kabla hajaondoka na umpe kidonge cha akiba, la sivyo atalazimika kukopa cha Ijumaa.

Kipimo bado kinaonyesha malaria!

Wiki moja baadaye mtu atampeleka mtoto duka la dawa, atapimwa kwa kipimo cha haraka, na mistari miwili itaonekana. Kipimo hicho hunasa protini ya vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Usirudie kipimo cha haraka kuangalia kama amepona. Kama ana homa tena, apimwe kwa hadubini.

Siku ya 7, ya 14 na ya 28

Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote, na wazazi huambiwa kwa nadra. Baadhi ya watoto waliotibiwa kwa artesuneti hupungukiwa damu ghafla wakiwa wameshapona, kuanzia kama siku ya saba hadi wiki nne. Chembe nyekundu zilizokuwa zimebeba vimelea na kusafishwa na dawa huishi muda mfupi. Zikivunjika kwa pamoja, damu inashuka. Wengi hushuka kidogo na kupanda wenyewe. Wachache huhitaji kuongezewa damu.

Hiyo si sababu ya kuogopa sindano. Ni sababu ya kurudi kliniki. Muuguzi, pima himoglobini siku ya kuruhusiwa, kisha siku ya 7, ya 14 na ya 28, na andika tarehe hizo kwenye kadi, si kwa mdomo. Mtoto wetu alianza tiba Jumatatu, kwa hiyo Jumatatu inayofuata arudi kwa mara ya kwanza.

Nawe bibi au mama, mrudishe siku yoyote bila kungoja tarehe ukiona:

- viganja na ndani ya midomo vimekuwa vyeupe;
- mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi au kokakola;
- macho ya manjano;
- amechoka kupita kawaida, anahema akitembea kidogo.

Ukifika, usiseme tu "mtoto hana nguvu". Sema: "Alipigwa sindano ya malaria kali tarehe fulani, naomba apimwe damu." Mhudumu aliye mapokezi huenda asiijue historia yake, naye akisikia uchovu tu atampa vidonge vya minyoo na kumrudisha nyumbani.